Usifute, Sogeza: Mtihani wa Udereva Uingereza na Mguu Uliovunjika

Mtu akianguka ngazini wiki mbili kabla ya mtihani wake wa udereva, mambo mawili humjia haraka kichwani: afute miadi, kisha aombe tarehe mpya iliyo karibu kuliko zote. Kila moja kati ya hayo lina sauti ya busara. Kufuta kunaonekana uungwana, kwa kuwa nafasi inaachiwa mwingine, na kuomba tarehe ya karibu kunaonekana bidii. Lakini katika mfumo wa mitihani wa Uingereza ulivyo sasa, haraka hizo mbili ndizo zinazomgharimu mwanafunzi zaidi ya mfupa wenyewe. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba aliyeumia hapaswi kufuta bali kusogeza, na kwamba tarehe ya karibu inayomfaa haihesabiwi kuanzia leo. Inahesabiwa kuanzia siku ambayo mguu wake utaweza kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita. Ziko hali mbili ambazo kufuta kuna haki yake, nami nitazifikia.

Suala hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Leseni ya Kenya au ya Tanzania haimo katika orodha ya leseni zinazoweza kubadilishwa moja kwa moja kuwa ya Uingereza, tofauti na ile ya Afrika Kusini au ya Falme za Kiarabu. Mwenye leseni ya Mombasa au ya Dar es Salaam anaruhusiwa kuendesha kwa miezi 12 tangu awe mkazi, na baada ya hapo hata kama ameendesha lori la mizigo kwa miaka 20 anarudi kuwa mwanafunzi: leseni ya kujifunzia, vibao vya L nyekundu mbele na nyuma ya gari, mtu mwenye leseni pembeni yake, mtihani wa nadharia, kisha mtihani wa barabarani. Kwa wengi wao udereva ni mlango wa ajira, hasa kwa wanaohudumia wazee majumbani na wanaosambaza mizigo. Kuchelewa kwa miezi mitano si usumbufu mdogo kwa mtu wa namna hiyo, ndiyo maana haraka ya kuomba tarehe ya karibu inaeleweka hata pale inapomdhuru.

Kwanza tuuone mfumo wenyewe. Mitihani ya barabarani katika England, Wales na Uskoti inasimamiwa na wakala wa serikali uitwao DVSA. Ireland ya Kaskazini ina mamlaka yake na taratibu zake, kwa hiyo haya hayaihusu. Ada ya mtihani wa gari dogo ni paundi 62 siku za kazi, na paundi 75 jioni, mwisho wa wiki na sikukuu. Nafasi zinauzwa kwenye tovuti ya serikali, na dirisha la kuweka miadi linafika wiki 24 mbele. Kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi wiki moja mpya inafunguliwa mwishoni mwa dirisha hilo. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya huko ilipochunguza hali mwaka 2025 ilikuta kwamba wastani wa kusubiri ulikuwa umefika wiki 22 mwezi Septemba, wakati Februari 2020, kabla ya korona, ulikuwa kama wiki 5. Vituo vingi vilikuwa vimejaa hadi ukingoni mwa dirisha. Kwa lugha nyepesi, aliyeingia mtandaoni leo bila miadi anaonyeshwa kituo kilichojaa miezi mitano mbele, na ule ukingo wa wiki ya 24 unagombaniwa Jumatatu alfajiri.

Hapo ndipo tofauti ya kufuta na kusogeza inapopata uzito. Anayefuta anaachia nafasi yake kwanza, anarudishiwa ada ikiwa hakuchelewa, kisha anarudi mlangoni kama mgeni asiye na chochote mkononi. Anayesogeza anaingia kwenye huduma ya kubadili miadi kwa namba ya leseni yake na namba ya kumbukumbu ya miadi, anaangalia tarehe zilizopo, na nafasi yake ya zamani inabaki yake mpaka athibitishe mpya. Hatozwi kitu kwa kusogeza. Mtu atasema, na ni pingamizi la haki, kwamba hodhi la nafasi ni lilelile: anayesogeza haonyeshwi tarehe za siri ambazo anayeweka miadi upya hazioni. Ni kweli. Faida ya kusogeza haiko katika wingi wa tarehe. Iko katika kwamba hakuna dakika hata moja ambayo mwanafunzi anabaki bila miadi, na katika kwamba miadi anayoishikilia, hata ikiwa ya mbali, inaweza kuvutwa nyuma siku nyingine nafasi nzuri ikitokea. Aliyefuta naye anaweza kuipata nafasi hiyo nzuri, lakini anaiwinda bila kinga yoyote nyuma yake. Asipoipata hana kitu, na wakati anawinda zile za mbali nazo zinachukuliwa.

Sasa twende kwenye muda wa notisi, kwa kuwa hapo ndipo fedha zinapopotea. Hadi mapema mwaka 2025 mwanafunzi alitakiwa kubadili au kufuta miadi siku 3 kamili za kazi kabla ya mtihani. Tangu tarehe 8 Aprili 2025 siku hizo ni 10. Hesabu yake inawakosesha watu wengi, maana si wiki mbili za kalenda na wala si siku za kazi kama ofisi nyingi zinavyozielewa. Jumamosi inahesabika kuwa siku ya kazi. Jumapili na sikukuu za umma hazihesabiki. Siku unayobadili haihesabiki, na siku ya mtihani haihesabiki. Ukichelewa kwa siku moja, ada imekwenda, isipokuwa una sababu ya dharura yenye ushahidi.

Tuchukue mfano tuufuate hadi mwisho. Tuseme kuna mwanafunzi anayeishi Leicester, alihamia kutoka Dar es Salaam, na mtihani wake wa barabarani ni Jumatano tarehe 20 Mei 2026. Tukihesabu kurudi nyuma, Jumanne tarehe 19 ni siku ya kwanza, Jumatatu tarehe 18 ya pili, tunairuka Jumapili, Jumamosi tarehe 16 ya tatu, na hivyo hivyo mpaka Jumatatu tarehe 11 iliyo ya nane. Tunaruka Jumapili nyingine. Jumamosi tarehe 9 ni ya tisa, Ijumaa tarehe 8 ni ya kumi. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kusogeza bila kupoteza ada ni Alhamisi tarehe 7 Mei. Sikukuu ya Jumatatu tarehe 4 Mei iko nje ya hesabu hii, lakini mtihani ungekuwa siku chache mapema ingeisogeza siku ya mwisho nyuma zaidi. Basi mwanafunzi huyu anateleza jioni ya Jumanne tarehe 5 Mei, kifundo cha mguu wa kulia kinavunjika, na Jumatano tarehe 6 anafanyiwa upasuaji wa kuunganisha mfupa kwa chuma na skrubu. Amebakiwa na siku moja na ushei. Jambo la miadi halisubiri aruhusiwe kwenda nyumbani. Linafanyika kitandani kwa simu, ndugu akiwa pembeni yake na leseni mkononi.

Lakini asogeze hadi lini? Hapa ndipo neno “karibu” linapodanganya. Mguu wa kulia ndio wenye breki na mafuta. Mwaka 2003 daktari wa mifupa Egol na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watu waliopasuliwa kifundo cha kulia, wakiwapima kwenye mtambo unaoiga gari. Walikuta muda wa kufunga breki unarudi kawaida kama wiki 9 baada ya upasuaji. Hiyo si amri ya sheria, wala si ahadi kwa kila mfupa. Ni kipimo cha kuanzia mazungumzo na mtaalamu wa viungo. Uzito wake unaonekana kwa hesabu ndogo: kwa mwendo wa maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, gari linapita mita 13 kila sekunde. Mguu unaochelewa sehemu mbili za kumi za sekunde unaongeza karibu mita 3 kabla breki haijaanza kushika, na mita 3 ni upana wa njia ya gari barabarani. Katika baadhi ya mitihani mtahini humwamuru mwanafunzi asimamishe gari kwa dharura, na hapo mguu unaoogopa maumivu hujulikana mara moja.

Wiki 9 kutoka tarehe 6 Mei zinaishia tarehe 8 Julai. Mtu aliyekaa miezi miwili bila kugusa usukani hawezi kwenda mtihanini kesho yake; anahitaji masomo ya wiki mbili hivi kurudisha mkono na jicho. Tuseme basi wiki ya tarehe 20 Julai ndiyo ya kwanza inayofaa. Hilo ndilo “karibu” lake la kweli. Tarehe ya Juni, hata ikijitokeza kwenye skrini ikimetameta, si bahati bali ni mtego: ataisogeza tena, au ataiacha ipite na paundi 62 zake.

Upande wa pili wa dirisha lake umefungwa na saa nyingine ambayo watu huisahau. Cheti cha mtihani wa nadharia kinaishi miaka miwili tu. Mwanafunzi wetu alifaulu nadharia mwishoni mwa Agosti 2024, hivyo kinakufa mwishoni mwa Agosti 2026, na kikifa analipa paundi 23 na kuanza nadharia upya. Asitumaini nyongeza ya muda kwa sababu ya ugonjwa. Hata wakati wa korona, mitihani ilipofungwa kwa amri ya serikali yenyewe, serikali ilikataa kurefusha vyeti hivyo. Dirisha lake la kweli, kwa hiyo, ni wiki sita hivi: kuanzia tarehe 20 Julai hadi wiki ya mwisho ya Agosti. Sasa linganisha na kufuta. Akifuta tarehe 6 Mei na kusubiri wastani wa wiki 22, anafika Oktoba 7, na cheti cha nadharia kimekwisha kufa wiki tano zilizopita. Kosa la kidole kimoja kwenye simu limezaa mitihani miwili badala ya mmoja.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya hoja yangu ni hili: ikiwa vituo vimejaa, hiyo nafasi ya Julai au Agosti itatoka wapi tarehe 6 Mei? Jibu ni kwamba huenda isitoke siku hiyo, na si lazima itoke siku hiyo. Nafasi zinazorudi sokoni hazirudi kwa usawa. Kila anayetaka kuacha mtihani wake bila kupoteza ada analazimika kuuachia kabla ya siku 10 za kazi, na binadamu tulivyo, wengi tunasubiri mpaka karibu na ukingo: mwalimu amesema hujawa tayari, gari limeharibika, safari imeingilia. Kwa mantiki hiyo nafasi za Julai 27 zinategemewa kujitokeza zaidi katikati ya Julai, siku chache kabla ukingo wake haujapita, kuliko mwezi Mei. Anayezitafuta Mei anatazama shamba kabla ya mvuno. Hii ndiyo sababu kazi ya tarehe 6 Mei si kupata tarehe bora. Kazi yake ni kuiondoa miadi kwenye Mei 20 na kuiweka mahali salama: nafasi yoyote iliyo ndani ya uhai wa cheti cha nadharia na kuanzia wiki ya 20 Julai, hata kama ni kituo cha mji wa jirani na hata kama ni saa isiyopendeza. Tarehe bora inawindwa baadaye, mguu ukishatoka kwenye plasta.

Mpango huo una bei moja, nayo imepanda. Zamani mwanafunzi aliweza kubadili miadi mara 6. Novemba 2025 serikali ilitangaza kwamba kuanzia majira ya machipuko ya 2026 kikomo kinashuka hadi mara 2, na kubadilishana nafasi na mwanafunzi mwingine nako kunahesabika. Lengo ni kuwabana wale wanaozikusanya nafasi kwa programu za kompyuta na kuziuza kwa bei ya juu, lakini fimbo hiyo inamfikia na mgonjwa. Kwa mwanafunzi wetu maana yake ni kwamba ana risasi mbili tu. Ya kwanza ameitumia tarehe 6 Mei kujiondoa hatarini. Ya pili lazima ingoje mpaka mtaalamu wa viungo amemwona akisimama kwa mguu mmoja na mwalimu amemwona akifunga breki kwa ghafla kwenye uwanja mtupu. Anayeitumia mwezi Juni kwa sababu ameona tarehe ya mapema na moyo umemruka, akajikuta bado anachechemea, hana tena cha kusogeza. Kilichobaki ni kufuta na kuanza upya, yaani palepale tulipotaka asifike. Nadhani kikomo cha mara 2 kimewekwa bila kuwafikiria walioumia, na ingekuwa haki mabadiliko yenye cheti cha daktari yasihesabiwe. Lakini sheria inachezwa kama ilivyo.

Kabla ya kuithibitisha hiyo tarehe ya pili kuna mtu mmoja wa kumpigia simu, naye ni mwalimu. Gari la mtihani kwa kawaida ni lake, na nafasi ya saa mbili asubuhi tarehe 27 Julai haina maana ikiwa gari hilo saa hiyo limeahidiwa mwingine. Wengi hugundua hili baada ya kuthibitisha. Vilevile walimu wengi wana masharti yao ya notisi kwa ada ya gari siku ya mtihani, ambayo hayahusiani na DVSA. Basi habari za kuvunjika mguu zimfikie mwalimu siku ileile zinapofika kwa familia.

Sasa tugeuze mfano. Tuseme ajali imetokea Jumapili tarehe 10 Mei, baada ya siku ya mwisho kupita. Kanuni inabadilika hapa, kwa kuwa hakuna tena kusogeza bila hasara. Lililobaki ni kuifuta miadi, ili angalau nafasi isipotee bure kwa mwanafunzi mwingine, na kuomba ada irudishwe kwa sababu ya kuumia. Hii ndiyo hali ya kwanza ambayo kufuta kuna haki yake. Maombi haya yanasimama au kuanguka kwa ushahidi wa kitabibu, na hapo watu hukosea kwa kuandika mengi. Wanaeleza maumivu, gharama za masomo, kazi wanayoikosa. Afisa anayesoma hahitaji hayo. Anahitaji kuona jina lililo sawa na la kwenye leseni, namba ya leseni, namba ya kumbukumbu ya miadi, tarehe na kituo cha mtihani, tarehe ya kuumia, na karatasi ya hospitali inayosema nini kimeumia na kwamba mtu huyu hakuweza kuendesha tarehe hiyo. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali mara nyingi ina karibu yote haya, ila sentensi ya mwisho hukosekana. Ni vyema kumwomba daktari aiandike kabla hujatoka wodini, maana barua ya baadaye kutoka kwa daktari wa mtaa inaweza kutozwa fedha. Cheti cha kutoweza kufanya kazi nacho husaidia, na tangu Julai 2022 hata muuguzi au mtaalamu wa viungo anaweza kukitoa, si daktari peke yake. Lakini cheti hicho kinazungumzia kazi, hakizungumzii usukani, kwa hiyo kikiambatana na karatasi ya hospitali kina nguvu zaidi kuliko kikiwa peke yake.

Watu wengi wanatarajia jambo jingine kutoka kwenye maombi hayo: kwamba aliyeumia atapewa kipaumbele cha tarehe. Hapewi. Anachoweza kupata ni fedha zake, foleni haimjui. Mitihani ikifutwa na wakala wenyewe, kwa mfano mtahini akiugua au barabara zikijaa barafu, mwanafunzi hupangiwa tarehe nyingine bila kuomba. Wapo wanaoona hiyo ni dhuluma: kwa nini ugonjwa wa mtahini unipe tarehe, na ugonjwa wangu usinipe? Nakiri lina uchungu wake, lakini silioni kuwa dhuluma. Ahadi ikivunjwa na mtoa huduma, yeye ndiye anayedaiwa. Na foleni ya vipaumbele vya kitabibu, katika nchi ambayo wastani wa kusubiri ni miezi mitano, ingezaa soko la vyeti vya daktari kwa kasi ileile lilivyozaliwa soko la nafasi. Matokeo ya vitendo ni haya: barua ndefu ya kuomba tarehe ya karibu haina mtu wa kuisoma upande wa pili. Tarehe haiombwi kwa mtu, inatafutwa kwenye skrini.

Soko la nafasi lenyewe linahitaji neno moja. Ofisi ya Ukaguzi ilieleza kwamba wapo waliolipa hadi paundi 500 kwa mtihani wa paundi 62. Aliyeumia ni mteja mzuri wa wauzaji hao kwa kuwa ana saa ya cheti inayomkimbiza. Zaidi ya fedha, anayewapa namba ya leseni na kumbukumbu ya miadi amewapa ufunguo: wanaweza kusogeza miadi yake, na kila wanaposogeza wanakula moja ya mabadiliko yake mawili. Mabadiliko yaliyotangazwa Novemba yanalenga pia kwamba mwanafunzi peke yake ndiye aweke na kusimamia miadi yake.

Kuna wanaosema yote haya ni woga, mtu ameze dawa ya maumivu aende mtihanini, maana kukosa nafasi ni gharama kubwa kuliko kufeli. Hesabu yao haijakamilika. Aliyefeli haruhusiwi kufanya tena kabla ya siku 10 za kazi, na baada ya hapo amerudi mwisho wa foleni ileile ya miezi mitano, bila ada na bila miadi. Kwa mfumo huu kufeli ni namna nyingine ya kufuta. Sheria nayo inamtaka dereva awe na udhibiti kamili wa gari, na bima ya gari la mwalimu ina maoni yake kuhusu mguu ulio kwenye plasta. Ama dawa, mofini imo katika orodha ya dawa zenye kikomo cha kisheria kwa dereva tangu Machi 2015. Aliyeandikiwa na daktari ana utetezi, mradi haijamlegeza, lakini si jambo la kubishania pembeni mwa barabara mbele ya mtahini.

Lipo pia wazo la gari la otomatiki, na hili si la kupuuza. Aliyeumia mguu wa kushoto hana haja nao kwenye otomatiki, kwa kuwa hakuna klachi. Mguu wa kulia mzima unatosha, na huenda asihitaji kusogeza mtihani kwa miezi. Lakini atakayefaulu kwenye otomatiki anapata leseni ya otomatiki pekee, na akitaka gari la gia za mkono lazima afanye mtihani mwingine. Kwa anayelenga kazi ya magari ya kampuni hiyo inaweza kuwa bei kubwa. Kwa anayetaka tu kufika kazini kwa zamu ya usiku, inaweza kuwa nafuu. Mwanafunzi wetu wa Leicester, aliyevunjika kulia, halimsaidii.

Hali ya pili ambayo kufuta ni sahihi ni pale majeraha yanapovuka kalenda yote. Kuumia kichwa vibaya si sawa na kifundo: lazima kutolewe taarifa kwa DVLA, wakala mwingine unaoshughulika na leseni zenyewe, na mtu anaweza kuzuiwa kuendesha kwa miezi 6 hadi 12. Mguu au mkono uliovunjika hauhitaji taarifa isipokuwa utamzuia kuendesha zaidi ya miezi 3. Mwenye zuio la miezi 12 hana tarehe ya kusogezea ndani ya dirisha la wiki 24. Achukue ada yake mapema, kabla siku 10 hazijafungwa, amwachie mwingine nafasi. Ndivyo ilivyo pia kwa yule ambaye cheti chake cha nadharia kinakufa kabla mfupa haujaunga. Huyo hakimbizani tena na mtihani wa barabarani. Wa kwanza kwake ni wa nadharia, ambao unafanywa mezani mbele ya kompyuta, na plasta haimzuii mtu kukaa kwenye kiti.

Kwa hiyo wewe mwenye miadi mkononi leo, hata kama mifupa yako ni mizima, chukua kalenda uhesabu kurudi nyuma siku 10, Jumapili na sikukuu ukiziruka, uiandike tarehe utakayoangukia pamoja na ile ya mwisho wa cheti chako cha nadharia, kisha uziweke pamoja na leseni yako. Kwa mtihani wa Jumatano tarehe 20 Mei, siku hiyo ni Alhamisi tarehe 7. Aliyevunjika mguu tarehe 7 anaanza na simu yake; aliyevunjika tarehe 8 anaanza na karatasi ya daktari.